Betri mpya, taa ya eabegi haizimiki: kosa liko wapi, na kwa nini waya wa njano haupimwi

Juzi dada mmoja aliniletea Vitz ya mwaka 2008. Gari inawaka vizuri, inatembea vizuri, ila kwenye dashibodi kuna taa nyekundu ya mtu aliyekaa na duara mbele ya kifua chake. Nikamuuliza taa imeanza lini. Akajibu bila kusita, "Siku niliyobadilisha betri, fundi. Wameniuzia betri mbovu."

Betri niliipima mbele yake. Gari ikiwa imezimwa ilisoma volti 12.6, na injini ikinguruma volti 14.2. Hiyo ni betri nzima na chaji nzuri. Lakini kabla ya kufika kwangu alikuwa amepita kwa mafundi watatu. Wa kwanza alimwambia taa itazimika yenyewe akiendelea kutembea. Wa pili alisema kompyuta imekufa, inunuliwe nyingine. Wa tatu alijitolea kutoa balbu ya taa ile bure ili isimsumbue macho. Majibu hayo matatu nayasikia karibu kila wiki, na yote matatu yanaweza kumgharimu mtu, moja fedha na mawili uhai. Ndiyo maana nimekaa kuandika haya kwa kituo.

Eabegi ni mfuko wa kitambaa uliokunjwa ndani ya usukani na ndani ya dashibodi upande wa abiria. Magari mengine yana mifuko zaidi ubavuni mwa viti na juu ya milango. Nyuma ya kila mfuko kuna kopo la chuma lenye kemikali ya kutoa gesi, na ndani ya kopo hilo kuna kiwashio. Kiwashio ni kiwaya chembamba sana kilichozungukwa na baruti kidogo. Umeme wa kutosha ukipita, kiwaya hupata moto, baruti hulipuka, kemikali huungua, gesi huujaza mfuko. Yote hayo, tangu gari ligonge hadi mfuko ujae, huchukua chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hata mikanda ya viti vya mbele katika magari mengi ina kiwashio cha namna hiyo hiyo, cha kuuvuta mkanda ukukaze kabla hujarushwa mbele.

Anayeamua haya yote ni kompyuta ndogo, ambayo mara nyingi hufungwa chini ya dashibodi katikati au karibu na gia. Mfumo mzima huandikwa SRS, kifupi cha Supplemental Restraint System, yaani mfumo wa kinga ya ziada juu ya mkanda, na utaziona herufi hizo kwenye usukani, kwenye dashibodi na kwenye vibandiko vya onyo.

Sasa taa. Watu wengi hudhani taa ya eabegi ni kama taa ya mafuta, kwamba kuna kitu kimepungua. Sivyo. Mfikirie mama ambaye watoto wake wamelala chumba cha pili, na kila baada ya muda anaita, "Mpo?" Wakiitika, anatulia. Mmoja asipoitika, au akiitika kwa sauti isiyo yake, mama anawasha taa na kuinuka. Kompyuta ya eabegi inafanya hivyo hivyo. Ukifungua swichi ya ufunguo, na muda wote ukiendesha, inapitisha umeme mdogo mno katika kila kiwashio ili kusikia kama njia ni nzima. Kiwashio kizima hujibu kwa upinzani mdogo, omu 2 hivi. Njia ikikatika, hakuna jibu. Waya mbili zikigusana, jibu linakuja karibu na sifuri. Kwa vyovyote vile kompyuta inaandika msimbo wa kosa katika kumbukumbu yake na kuwasha taa.

Kwa hiyo taa ikibaki inawaka, maana yake ni moja: kuna mtoto hajaitika. Katika magari mengi, taa ikiwa hivyo, eabegi yenye kosa haitafunguka ukipata ajali, na katika baadhi hata zilizo nzima hazitafunguka. Mkanda bado unakushika, gari bado inaendesheka hadi gereji, lakini ile kinga ya pili usiihesabu kuwa ipo.

Betri inaingiaje katika hili

Betri inaweza kuwa chanzo cha kweli, na inaweza kuwa imesingiziwa.

Chanzo cha kweli cha kawaida ni umeme kuwa mdogo. Betri ya zamani ilipokuwa inakufa, volti zilishuka sana kila ulipojaribu kuwasha gari, na kompyuta ikaandika kwamba haikupata umeme wa kutosha. Katika magari mengi taa ya namna hiyo huzimika umeme ukirudi sawa. Katika mengine msimbo unabaki mpaka ufutwe kwa mashine. Teminali iliyowekwa bila kukazwa huleta hali hiyo hiyo, maana kila gari inaporuka kwenye tuta umeme unakatika na kurudi. Shika teminali kwa mkono na ujaribu kuizungusha. Ikizunguka, hapo pa kuanzia umepaona.

Njia ya pili ni betri kufungwa kinyume, chanya mahali pa hasi, hata kwa sekunde moja. Cheche inaruka, fyuzi zinaungua, na fyuzi ya mfumo wa eabegi inaweza kuwa mojawapo. Hapa mara nyingi taa ya eabegi haiko peke yake. Utakuta redio imekufa, au chaji haiingii, au vioo havipandi.

Njia ya tatu ndiyo ninayokutana nayo zaidi: mtu amechomoa soketi ya eabegi au ameigusa, kisha swichi ikafunguliwa. Kompyuta ikaita, mtoto hakuitika, msimbo ukaandikwa. Kuna magari ambayo betri yenyewe iko chini ya kiti cha mbele, mfano Volkswagen Touareg, na huwezi kuifikia bila kukisogeza kiti chenye waya hizo. Hata katika gari ambalo betri iko mbele, siku ya betri watu hutumia nafasi hiyo kufanyiwa na kazi nyingine.

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nimuulize dada wa Vitz swali la pili: siku ile ya betri, walifanya nini kingine? Akafikiri kidogo. "Walibadilisha na raki ya stelingi, ilikuwa inagonga." Raki ni kile chuma kinachopokea mzunguko wa usukani na kuyageuza magurudumu.

Kabla sijafika huko, nieleze jambo moja linalowachanganya wengi. Baada ya kubadilisha betri, magari kadhaa huwasha taa nyingine ya njano, yenye gari linaloteleza na mistari miwili iliyopinda. Hiyo ni taa ya mfumo wa kuzuia kuteleza. Umeme ulipokatika, gari lilisahau usukani umeelekea wapi. Mara nyingi ukiuzungusha usukani mpaka mwisho kushoto na mwisho kulia, au ukiendesha mita chache, inazimika. Watu wameona hilo, wakafikiri na ya eabegi inazimwa hivyo. Ya eabegi haisahau kitu. Katika magari mengi, hata ukiondoa betri usiku kucha, misimbo yake inabaki ilivyo, kwa makusudi kabisa.

Utepe ulio nyuma ya usukani

Usukani unazunguka, na eabegi iko ndani yake. Kompyuta haizunguki. Waya wa kawaida ukiunganisha vitu hivyo viwili utajisokota na kukatika siku ya kwanza. Ndiyo sababu nyuma ya usukani kuna kasha la plastiki la duara ambalo mafundi wengi huliita klokispringi. Ndani yake kuna utepe mwembamba wa plastiki wenye njia za shaba, umekunjwa duara kama ukili uliosukwa na kuviringishwa tayari kushonwa mkeka. Ukikata usukani upande mmoja utepe unajikaza, ukikata upande wa pili unalegea. Hausuguani na kitu, haukatiki, ili mradi uko katikati yake.

Maneno hayo "katikati yake" ndiyo ya kushika. Utepe una urefu wa mizunguko mitano hivi, kutoka mwisho hadi mwisho. Usukani wa gari dogo huzunguka mara tatu na ushei. Kwa hiyo utepe unatosha na kubaki kidogo kila upande, lakini pale tu ambapo magurudumu yakiwa yamenyooka, utepe nao uko katikati. Ukiwa umepotea mzunguko mmoja au miwili upande mmoja, siku utakapokata kona hadi mwisho upande huo, utepe utafika kikomo kabla ya usukani. Usukani una nguvu ya mkono wako, utepe ni plastiki nyembamba kama karatasi. Unachanika.

Na unapoteaje katikati? Kwa kazi kama ile ya raki. Kubadilisha raki ni lazima kutenganisha mti wa stelingi, ile nguzo inayoshuka kutoka kwenye usukani, na raki yenyewe. Tangu dakika hiyo usukani unazunguka bila kizuizi. Fundi makini huufunga kwa mkanda wa kiti au kamba usisogee. Asiye makini anauacha, mtu anaingia ndani kuwasha redio, anauzungusha mara mbili, kisha mti unarudishwa pale ulipoishia. Magurudumu yamenyooka, usukani umenyooka, kila kitu kinaonekana sawa. Utepe tu ndio uko mizunguko miwili mbali na kwao.

Dalili zake ni rahisi na hazihitaji kifaa. Katika klokispringi hiyo hiyo hupita waya wa honi na wa vitufe vya redio vilivyo kwenye usukani. Simamisha gari mahali pa wazi, piga honi usukani ukiwa umenyooka, kisha ukiwa umekata kushoto, kisha kulia. Honi ikiwa inalia upande mmoja na kunyamaza mwingine, na taa ya eabegi inawaka, tuhuma zote zinaelekea kwenye utepe. Wakati mwingine utasikia pia mkwaruzo mdogo nyuma ya usukani, kama karatasi inakunjwa ndani ya boksi. Honi kulia vizuri hakuiondolei klokispringi tuhuma, kwa sababu njia ya honi na njia ya eabegi ni mbili tofauti kwenye utepe mmoja, na inaweza kuchanika moja ikabaki nyingine.

Katika ile Vitz, honi ililia usukani ukiwa umenyooka. Nilipokata kulia hadi mwisho, kimya.

Soketi za njano

Chungulia chini ya kiti cha mbele cha gari nyingi za kisasa, utaona soketi na waya zenye rangi ya njano. Rangi hiyo haikuwekwa kwa urembo. Watengenezaji wengi wameitumia kumwambia fundi kwamba njia hii inakwenda kwenye baruti.

Ndani ya soketi hizo kuna kitu kidogo ambacho wengi hawakijui. Ni kibati cha shaba chenye springi. Soketi ikichomolewa, kibati hicho kinashuka na kuziunganisha pini mbili za upande wa eabegi zenyewe kwa zenyewe. Kazi yake ni kulinda. Mwili wako unaweza kubeba umeme tuli, ule unaokupiga unapogusa mlango wa gari siku ya kiangazi. Pini zikiwa zimeunganishwa, umeme huo haupati njia ya kupita kwenye kiwashio. Soketi ikirudishwa hadi mwisho, ulimi wa plastiki unakiinua kibati na njia inakuwa kawaida.

Hapa ndipo tatizo la viti linapozaliwa. Soketi ikirudishwa nusu, kwa jicho inaonekana imeingia, lakini ulimi haujakiinua kibati. Kompyuta inaita, jibu linakuja sifuri, inaandika kwamba waya zimegusana. Mtu akisoma msimbo huo atadhani eabegi imeungua au waya umechunika, akaanza kununua vitu, kumbe ni soketi isiyolia "ta!" ilipobanwa. Nyingi zina vifungo viwili, cha soketi yenyewe na cha pili cha kuhakikisha, na hicho cha pili ndicho husahaulika. Maji ya kuoshea gari, chupa iliyoviringika chini ya kiti, mtoto anayepiga miguu nyuma, vyote vinaweza kuilegeza soketi hiyo bila mtu yeyote kubadilisha betri.

Ukitaka kuzitazama mwenyewe, tazama tu bila kuvuta. Ikibidi kuibana mojawapo, kwanza zima gari, toa ufunguo, fungua teminali hasi ya betri, kisha subiri. Kusubiri kuna sababu. Kompyuta ya eabegi ina kapasita, chombo kinachohifadhi umeme kama mtungi unavyohifadhi maji bomba likikatika. Kimewekwa ili ajali ikivunja betri kwanza, eabegi bado zipate umeme wa kufungukia. Kwa hiyo dakika ile umetoa betri, mfumo bado una uhai. Toyota huelekeza kusubiri angalau sekunde 90, Honda dakika 3, na wengine zaidi. Mimi husubiri dakika 10 kwa gari lolote, na sijawahi kuona dakika hizo zikimchelewesha mtu mahali. Ukirudisha betri, mtu yeyote asiwe amekaa ndani, wala usiinamie usukani unapofungua swichi.

Kwa nini usipime

Fundi umeme amezoea kupima. Taa haiwaki, anachukua testa, ile balbu yenye sindano na waya wa kubana kwenye bodi, anachoma waya mmoja baada ya mwingine mpaka apate umeme. Kwa taa za breki ni njia nzuri kabisa. Kwa waya wa njano ni hatari, na namba zake ni hizi.

Viwashio vingi vya kisasa hulipuka vikipitiwa na ampea 1.2 hivi kwa muda wa milisekunde 2. Testa yenye balbu ya wati 21 kwenye volti 12 hupitisha ampea 1.75. Tayari imezidi. Ile ya wati 5 hupitisha ampea 0.4 ikiwa imewaka, na utasema hiyo iko chini. Lakini balbu ikiwa baridi upinzani wake ni mdogo mara nyingi zaidi, kwa hiyo pale inapoguswa tu, kabla haijapata moto, inavuta mara kadhaa ya hapo. Muda huo ni mfupi sana, ila kiwashio hakihitaji muda mrefu. Na anayegusisha waya wa betri moja kwa moja kwenye kiwashio "aone kama ni kizima" anapitisha ampea 6, akiwa ameinama juu ya mfuko unaotoka kwa mwendo wa mamia ya kilomita kwa saa.

Mita ya kidijitali ni suala lenye mjadala zaidi kati ya mafundi, na nalijibu kwa uaminifu. Mita nzuri ikiwa kwenye omu hupitisha umeme mdogo sana, chini kabisa ya kiwango cha kulipua. Lakini mita za zamani za mshale hupitisha mwingi zaidi kwenye kipimo cha chini, swichi ya mita inaweza kuwa imekaa mahali pasipo pake, na mtengenezaji amekataza kiwashio kupimwa moja kwa moja kwa mita yoyote. Juu ya yote hayo, kipimo chenyewe hakikuambii ukweli. Ukichomoa soketi na kupima upande wa eabegi, kibati kimeshaunganisha pini, mita itasoma karibu na sifuri hata kiwashio kikiwa kimekatika. Utasema ni kizima. Umejiweka kwenye hatari na umerudi na jibu la uongo.

Kuna na madhara ya taratibu. Sindano ya testa ikisukumwa ndani ya pini ya soketi inaitanua. Pini hizo zimepakwa dhahabu katika magari mengi, na zinabana kwa nguvu ndogo iliyopimwa. Ikitanuka kidogo upinzani unapanda, na kwenye njia ya omu 2 ongezeko la omu moja tu linaweza kutosha kuwasha taa. Nimepokea magari ambayo kosa la kwanza lilikuwa soketi iliyolegea, na kosa la pili, gumu zaidi, lilikuwa pini zilizotanuliwa na aliyekuja kutafuta kosa la kwanza.

Badala ya kupima, unaisikiliza kompyuta, maana yenyewe ndiyo iliyotengenezwa kupima njia hizi kwa umeme salama. Hakikisha tu mashine inayotumika inasoma mfumo wa SRS. Vile vifaa vidogo vya bei rahisi vinavyoungana na simu vingi husoma injini peke yake. Vitakuambia "hakuna kosa" wakati taa iko mbele ya macho yako.

Nilivyoifanya ile Vitz

Mashine ilitoa msimbo mmoja:

```
B1801  Open in Driver Side Squib Circuit
```

Maana yake ni kwamba njia ya kiwashio cha eabegi ya dereva imekatika mahali fulani. Mahali hapo panaweza kuwa eabegi yenyewe, klokispringi, au waya unaoshuka kwenda kwenye kompyuta. Honi ilikuwa imeshanielekeza, lakini tuhuma peke yake haitoshi kumnunulisha mtu kifaa.

Nilinyoosha magurudumu, nikafungua teminali hasi, nikasubiri. Nilishika chuma cha bodi ili kuondoa umeme tuli mwilini, nikatoa eabegi kwenye usukani na kuilaza juu ya meza mbali na watu, uso wake ukiangalia juu. Hii haina mjadala. Ikifunguka ikiwa imelala kifudifudi, kopo la chuma ndilo litakaloruka.

Mahali pa eabegi nikaunganisha kipingamizi cha omu 2 kwa soketi yake maalumu, nikarudisha betri, nikafuta msimbo na kufungua swichi. Kwa maneno mengine, nimemweka mtoto mwingine mlangoni aitike badala ya yule wa kwanza. Msimbo wa B1801 ukarudi pale pale. Basi eabegi haina kosa, maana haipo na kosa bado lipo. Njia imekatika chini yake.

Nikatoa betri tena, nikasubiri tena, nikavua usukani na kuitoa klokispringi. Ikiwa mezani peke yake, haina kiwashio wala kompyuta, hapo mita ni halali. Njia ya honi ilisoma na kupotea nilipoizungusha kwa mkono. Njia moja ya eabegi haikusoma kabisa. Waya wa njano chini sikuugusa kwa mita. Nilitazama soketi tu, ilikuwa imebana sawasawa.

Klokispringi nyingine lazima iwekwe katikati kabla ya kufungwa. Kwa Toyota hii unaizungusha kinyume cha saa taratibu mpaka ikatae, bila kulazimisha, kisha unairudisha mizunguko miwili na nusu hivi mpaka alama zake zikutane. Gari nyingine zina hesabu yake, iliyoandikwa kwenye kibandiko cha kasha. Kifaa kipya huja kimefungwa pini au gundi ya kukizuia kisizunguke, na pini hiyo hutolewa mwisho, kikiwa kimeshakaa mahali pake. Ukinunua kilichotumika, chukulia kwamba hakiko katikati, hata muuzaji akiapa.

Wapo waliomshauri dada huyu aache kile kipingamizi cha omu 2 mle ndani moja kwa moja, kwa kuwa taa ingezimika. Ingezimika kweli, endapo njia ya chini ingekuwa nzima. Kompyuta ingeamini mtoto yupo chumbani, na siku ya ajali ingemwita mtoto asiyekuwepo. Kutoa balbu ni kosa la ukoo huo huo. Kwa sababu hiyo, ukinunua gari iliyotumika, fungua swichi na uiangalie taa ya eabegi kabla ya kuangalia rangi. Katika Toyota nyingi inapaswa kuwaka kwa sekunde 6 hivi, kisha izimike. Isiyozimika ina kosa. Isiyowaka kabisa inanitia wasiwasi zaidi, kwa maana kuna mtu ameinyamazisha.

Na taa ikizimika vizuri, ijulikane pia kikomo chake. Inakuambia njia ya umeme ni nzima. Haioni hali ya kemikali iliyo ndani ya kopo. Zile eabegi za kampuni ya Takata ya Japani, zilizofanya mamilioni ya magari duniani yaitwe kurudishwa, makopo yake yaliharibika kwa joto na unyevunyevu wa miaka mingi hadi kupasuka na kurusha vipande vya chuma, na taa za dashibodi za magari hayo zilikuwa zimezimika kama kawaida. Kwa sisi wa Dar, Mombasa na Unguja, tunaoishi kwenye joto na unyevunyevu huo mwaka mzima kwa magari ya zamani kutoka Japani, namba ya chasisi inafaa kukaguliwa kwa mtengenezaji hata kama taa haina neno.

Vitz ilipofungwa upya nilimwomba dada asimame nje, nikanyoosha mkono kupitia dirishani nikafungua swichi. Taa ikawaka. Tukahesabu wote wawili kwa sauti, moja hadi sita, ikazimika. Nikafuta msimbo uliobaki kwenye kumbukumbu, nikawasha injini, nikakata usukani hadi mwisho kulia huku nimebonyeza honi, kisha hadi mwisho kushoto. Ililia njia nzima. Klokispringi ya zamani niliifungua mbele yake. Utepe ulikuwa umechanika sentimita chache kutoka unapoanzia, ukingo wake umekunjamana kama karatasi iliyovutwa. Akauliza kama betri anaweza kuirudisha dukani. Nikamwambia hapana, dada, betri yako ni nzima.